Kikaguzi Kimeandika `Failed`: Tuitengeneze PDF Kuanzia Wapi?

Ndugu wasikilizaji, habari za asubuhi, na asanteni kwa kunipa nafasi hii. Leo tutachukua faili moja ya PDF, tuipitishe kwenye kikaguzi cha ufikivu, tuone kinalalamikia nini, kisha tuitengeneze mpaka mtu asiyeona aweze kuisoma kwa kisoma skrini, ile programu inayosoma yaliyo kwenye skrini kwa sauti, bila kupotea njiani.

Faili yenyewe ni ya kawaida kabisa. Ni taarifa ya mwaka ya taasisi, ina kurasa 26, na iliandikwa kwa Word. Ina picha ya jalada, picha kadhaa za ndani, chati moja ya nguzo, jedwali moja la wafanyakazi na viungo vichache vya tovuti. Aliyeiandaa alipomaliza alienda kwenye amri ya kuchapa, akachagua `Microsoft Print to PDF`, akaisambaza. Kwa macho huioni kasoro yoyote. Vichwa vya habari vimekolezwa, jedwali limenyooka, picha ziko mahali pake.

Tatizo liko pale ambapo macho hayafiki. PDF hubeba mambo mawili. La kwanza ni mchoro wa ukurasa: herufi hii ikae hapa, mstari ule upite pale. Hilo halikosekani. La pili, ambalo linaweza kukosekana kabisa na faili ikafunguka vizuri tu, ni mti wa lebo: maelezo yaliyofichika yanayosema kwamba maneno haya ni kichwa cha ngazi ya kwanza, haya ni aya, hii ni picha, hiki ni kisanduku cha jedwali, na kwamba hili linasomwa kabla ya lile. Kisoma skrini hufuata mti huo. Ukiichapa faili kwenda PDF, Word huipa programu ya kuchapa mchoro peke yake, kama ambavyo ingeipa mashine ya kuchapia karatasi. Kwa hiyo mti wa lebo hauzaliwi.

Sasa tuifungue kwenye Acrobat Pro. Ile Acrobat Reader ya bure haina kikaguzi hiki kamili. Nendeni `All tools`, kisha `Prepare for accessibility`, kisha `Check for accessibility`. Litatokea dirisha la kuchagua kurasa na makundi ya kanuni. Acheni kila kitu kikiwa kimechaguliwa, mbofye `Start Checking`. Kwa faili ya kurasa 26 hamtasubiri sana.

Kikaguzi hupima kanuni 32, zikiwa zimegawanywa katika makundi saba: waraka kwa jumla, yaliyomo kwenye kurasa, fomu, maandishi mbadala, majedwali, orodha na vichwa. Kila kanuni inarudi na jibu lake. `Passed` maana yake imefaulu, `Failed` imeanguka, `Skipped` imerukwa. Kanuni mbili kati ya hizo, `Logical Reading Order` na `Color contrast`, hurudi na jibu la `Needs manual check`, yaani programu inawaachia ninyi mkague wenyewe. Tutazirudia baadaye, kwa sababu ndizo watu huzipuuza.

Faili yetu imeleta orodha ndefu ya `Failed`: lebo hakuna, lugha hakuna, jina hakuna, alamisho hakuna, na mistari mingine mingi chini yake. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanaanza juu, wanabofya kila mstari kwa kitufe cha kulia cha kipanya, wanachagua `Fix`, wanashuka mmoja mmoja. Naomba msifanye hivyo. Tazameni kwanza mstari wa `Tagged PDF`. Huo ukiwa umeanguka, sehemu kubwa ya mistari iliyobaki imeanguka kwa sababu yake. Bila lebo hakuna kinachoweza kuitwa kichwa, hakuna kinachoweza kuitwa kisanduku cha jedwali, na hakuna pa kuyaweka maandishi mbadala ya picha, yaani maelezo ambayo kisoma skrini huyasoma badala ya picha. Mnaona makosa kumi na kitu, lakini chanzo ni kimoja, nacho hakitibiwi ndani ya PDF. Kinatibiwa kwenye faili ya Word.

Basi ifungeni PDF hiyo, mfungue Word. Kuna kazi tano za kufanya huko kabla ya kutoa PDF mpya.

Kwanza vichwa vya habari. Kichwa kilichokolezwa na kukuzwa kwa mkono bado ni aya ya kawaida mbele ya kompyuta. Kiwekwe mtindo wa `Heading 1`, vichwa vidogo vyake `Heading 2`, na kuendelea bila kuruka ngazi. Mkitoka `Heading 1` mkaenda `Heading 3` kwa sababu tu rangi yake inapendeza, kanuni ya `Appropriate nesting` itaanguka. Anayesoma kwa kurukaruka kichwa hadi kichwa naye atadhani kuna sehemu imempita. Kama tatizo ni sura ya `Heading 2`, badilisheni sura ya mtindo wenyewe. Ngazi iacheni ilivyo.

Pili picha na chati, ambazo kila moja inahitaji maandishi mbadala. Tatu jedwali. Haya mawili nitayapa nafasi yake peke yake muda si mrefu. Nne, jina la waraka, linaloandikwa kwenye `File`, `Info`, sehemu ya `Title`. Tano, lugha: chagueni maandishi yote, mwende `Review`, `Language`, `Set Proofing Language`, mchague Kiswahili.

Kisha toeni PDF kwa `Save As`, aina ya faili `PDF`, na kabla ya kuhifadhi mfungue `Options`. Hapo hakikisheni alama ipo kwenye `Document structure tags for accessibility`, ambayo ndiyo inayozalisha mti wa lebo. Wekeni alama pia kwenye `Create bookmarks using` na mchague `Headings`. Kikaguzi cha Acrobat hudai alamisho kwenye waraka wenye kurasa 21 au zaidi, na wetu una 26. Alamisho zikitokana na vichwa halisi, kazi hiyo inaisha hapo hapo bila jasho.

Mtaniuliza: na kama faili ya Word imepotea? Acrobat ina amri ya `Automatically tag PDF`, nayo hutengeneza lebo kwa kukisia. Hutazama ukubwa wa herufi na mahali zilipokaa, ikaamua. Sentensi iliyokolezwa katikati ya aya inaweza kugeuzwa kichwa, jedwali lisilo na mistari likawa aya zilizochanganyikana, namba za kurasa zikaingia katikati ya habari. Itumieni mkiwa hamna njia nyingine, kisha mpitie kila ukurasa kwa jicho kali. Na kama PDF ni picha za karatasi zilizoskaniwa, mstari wa `Image-only PDF` ndio utakaoanguka. Hapo itabidi kwanza programu iyatambue maandishi kutoka kwenye picha, ndipo lebo zifuate. Maandishi yaliyotambuliwa hivyo lazima yasomwe na mtu, maana `rn` hugeuka `m` kwa urahisi sana.

Turudi kwenye faili yetu. PDF mpya imetoka, tumekagua tena, na orodha ya makosa imepungua mno. Sasa yaliyobaki yanastahili kushughulikiwa moja moja.

Nianze na lugha, kwa sababu hapa kikaguzi kinaweza kuwadanganya. Kanuni ya `Primary language` huuliza swali moja tu: je, kuna lugha iliyotajwa? Haiulizi kama lugha hiyo ndiyo iliyotumika. Waraka wa Kiswahili uliotajwa kuwa Kiingereza utafaulu bila shida, kisha kisoma skrini kiusome kwa sauti ya Kiingereza, na maneno yaharibike mpaka msikilizaji asielewe kitu. Kwa hiyo hata mkiona `Passed`, bonyezeni `Ctrl+D`, mfungue kichupo cha `Advanced`, mtazame sehemu ya `Language`. Kama imeandikwa Kiingereza, au kama Kiswahili hakimo kwenye orodha ya kuchagua, andikeni msimbo wenyewe kwa mkono. Herufi ni mbili tu:

```
sw
```

Mkitumia NVDA, kisoma skrini cha bure cha Windows, sauti yake ya eSpeak NG inakijua Kiswahili, nayo hubadilika yenyewe ikiukuta msimbo huo. Kama ndani ya waraka kuna nukuu ndefu ya lugha nyingine, itafuteni kwenye kidirisha cha `Tags`, mfungue `Properties` za lebo yake, muipe lugha yake peke yake. Kwa neno moja moja la kigeni sioni haja ya kujisumbua.

Jina la waraka ni jambo dogo lakini huchanganya watu. Unakuta jina limeandikwa na kanuni ya `Title` bado imeanguka. Sababu ni kwamba kanuni hiyo inataka mambo mawili: jina liwepo, na programu iambiwe ilioneshe badala ya jina la faili. Hilo la pili liko kwenye dirisha lile lile la `Ctrl+D`, kichupo cha `Initial View`, sehemu ya `Show`, ambapo mnachagua `Document Title`. Au bofyeni `Fix` kwenye mstari wa kosa. Hapa `Fix` hufanya kazi vizuri. Ila hakikisheni jina lenyewe ni jina. `Taarifa_mwisho_v3` litafaulu mbele ya kikaguzi, na msomaji mwenye madirisha matano yaliyo wazi hataambulia chochote.

Sasa picha. Mstari wa `Figures alternate text` umeanguka, na mkiufungua mtaona orodha ya picha zisizo na maelezo. Mkibofya `Fix`, Acrobat inawapitisha picha baada ya picha na kuwapa kisanduku cha kuandikia. Pembeni yake kuna alama ya `Decorative figure`, yaani picha ya pambo, ambayo huiondoa picha hiyo kwenye mti wa lebo ili kisoma skrini kiipite kimya.

Uamuzi wa kwanza kwa kila picha ni huu: je, ikiondolewa, msomaji atakosa habari yoyote? Mstari wa rangi unaotenganisha sura ni pambo. Picha ya watu wakipeana mikono isiyotajwa popote kwenye maandishi, mara nyingi ni pambo pia. Nembo ya taasisi kwenye jalada si pambo kama jina la taasisi halijaandikwa kwa maandishi hapo karibu.

Chati yetu ya nguzo ndiyo yenye kazi. Inaonesha idadi ya wanachama kwa miaka minne. Nimeona mara nyingi chati kama hii ikipewa maelezo ya "Chati" au "Kielelezo 2", na wakati mwingine jina la faili ya picha. Kikaguzi kinayapokea yote matatu, maana kinachopima ni kama kisanduku kina herufi ndani yake, basi. Maelezo yanayofaa yanasema kile ambacho mwenye macho anakipata akiitazama: "Chati ya nguzo. Wanachama waliongezeka kutoka 140 mwaka 2021 hadi 210 mwaka 2024, wakipungua kidogo mwaka 2023 tu." Sentensi mbili zinatosha. Msirundike namba zote kwenye maandishi mbadala, kwa kuwa msikilizaji hawezi kuyapitia sehemu kwa sehemu kama anavyopitia aya au jedwali; anayasikia kwa mkupuo. Kama namba zenyewe ni muhimu, wekeni jedwali dogo chini ya chati. Litawafaa na wanaoona.

Kuna kosa la jirani linaloitwa `Nested alternate text`. Hutokea lebo ya nje inapokuwa na maandishi mbadala na lebo iliyo ndani yake nayo ina yake. Kisoma skrini husoma ya nje na kuyaacha ya ndani. Chati iliyoundwa kwa vipande vingi kwenye Word ndiyo huleta hili. Fungueni kidirisha cha `Tags`, mtafute `Figure` ya nje, muandike maelezo kamili hapo, kisha mfute yale ya vipande vya ndani.

Jedwali ndilo linalotoa jasho. Kwenye taarifa yetu liko hivi: safu ya kwanza ni idara, safu mbili za katikati ni wafanyakazi wanaume na wanawake, ya mwisho ni jumla. Juu ya zile mbili za katikati kuna kisanduku kimoja kilichounganishwa, kimeandikwa "Wafanyakazi". Visanduku vya "Idara" na "Jumla" vimeunganishwa kwenda chini, mistari miwili. Tuseme kwenye mti wa lebo limeingia hivi:

```
TR:  TD Idara     TD Wafanyakazi   TD Jumla
TR:  TD Wanaume   TD Wanawake
TR:  TD Fedha     TD 4    TD 6    TD 10
```

Kikaguzi kinaleta makosa mawili. La kwanza ni `Headers`: jedwali halina kichwa chochote. Kila kisanduku ni `TD`, yaani cha takwimu, na hakuna hata `TH` moja, ambayo ndiyo ya kichwa. Msomaji akifika kwenye ile 6 anasikia "sita" na hajui ni sita ya nini. La pili ni `Regularity`: mistari haina idadi sawa ya visanduku. Hesabuni wenyewe. Mstari wa kwanza una vitatu, wa pili viwili, wa tatu vinne. Programu inashindwa kujua kwamba "Wanawake" iko juu ya 6. Kwa hesabu yake, "Wanawake" ni safu ya pili, na safu ya pili ina 4. Mtu atasikia kwamba idara ya fedha ina wanawake wanne. Hiyo ni habari ya uongo, na hilo ni baya kuliko kukosa habari kabisa.

Marekebisho ndani ya Acrobat yako hivi. Fungueni `Fix reading order`, mbofye namba iliyo kwenye kona ya jedwali, mchague `Table Editor`. Bofyeni kisanduku kwa kitufe cha kulia, `Table Cell Properties`. Kwa "Idara", chagueni `Header Cell`, `Scope` iwe `Column`, na `Row Span` iwe 2. Kwa "Jumla" fanyeni vivyo hivyo. Kwa "Wafanyakazi", `Header Cell`, `Scope` ile ile ya `Column`, lakini hapa `Column Span` ndiyo iwe 2. "Wanaume" na "Wanawake" ni `Header Cell` za `Column` bila nyongeza. "Fedha", na kila jina la idara chini yake, liwe `Header Cell` yenye `Scope` ya `Row`.

Hesabuni tena. Mstari wa kwanza: moja, kuongeza mbili, kuongeza moja, ni nne. Mstari wa pili una viwili vyake na viwili vinavyoning'inia kutoka juu, ni vinne. Wa tatu ni vinne. Kanuni ya `Regularity` inafaulu, na msomaji akifika kwenye ile 6 anasikia fedha, wanawake, sita.

Hata hivyo, nikipewa uamuzi, nisingefanya kazi hiyo yote. Ningerudi Word nikaondoa muunganiko, nikabaki na mstari mmoja wa vichwa: "Idara", "Wafanyakazi wanaume", "Wafanyakazi wanawake", "Jumla". Hakuna habari iliyopotea. Kisha kwenye sifa za jedwali, kichupo cha `Row`, ningeweka alama kwenye `Repeat as header row at the top of each page`. Alama hiyo, mbali na kurudia kichwa kwenye kurasa zinazofuata, ndiyo inayomwambia Word autoe mstari huo kama `TH`. Jedwali la vichwa vya ngazi mbili hutegemea sana jinsi kila kisoma skrini kinavyolitafsiri, lakini la mstari mmoja husomeka vizuri kwa vyote. Na taarifa ya mwaka ujao itakuja tayari imepona, kwa sababu mara nyingi hunakiliwa kutoka ya mwaka huu.

Makosa yafuatayo nayapita haraka. `Tab order` huanguka kwenye kurasa zenye viungo au fomu ambapo kitufe cha `Tab` hakijaamriwa kufuata mti wa lebo. Bofyeni `Fix`, hakuna hatari. `Tagged content` huanguka kunapokuwa na kitu ukurasani ambacho hakina lebo wala hakijatangazwa kuwa pambo, mara nyingi mstari wa chini ya ukurasa au umbo la mapambo. Kama ni pambo, litangazeni kuwa `Artifact`. Kama ni habari, lipeni lebo.

`Character encoding` ni tofauti kidogo. Fonti imechorwa vizuri lakini haina ramani ya kuonesha kwamba umbo hili ni herufi fulani. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kunakili sentensi kutoka PDF na kuibandika kwenye Notepad. Yakitoka mauzauza, basi na kisoma skrini kinapata mauzauza hayo hayo. Acrobat haina `Fix` ya kosa hili. Badilisheni fonti kwenye Word, mtoe PDF upya.

Tuje kwenye zile kanuni mbili mlizoachiwa mkague wenyewe. Kwa mpangilio wa kusoma, kuna mtego: Acrobat ina vidirisha viwili vinavyofanana kwa jina na kazi, `Order` na `Tags`. Kidirisha cha `Order` huonesha jinsi vitu vilivyopangwa kwenye ukurasa. Kisoma skrini cha kawaida hufuata `Tags`. Mtu anaweza kupanga `Order` kwa saa nzima na msomaji asisikie tofauti yoyote. Fungueni `Tags`, mbofye lebo ya kwanza, kisha mshuke kwa mshale huku mkitazama kinachoangaziwa ukurasani. Macho yenu yakiruka kutoka aya ya tatu kwenda picha ya chini, kisha kurudi aya ya nne, mmepata kosa. Buruteni lebo hiyo hadi mahali pake. Kwenye Word, chanzo kikuu ni picha na visanduku vya maandishi vinavyoelea. Picha ikiwekwa `In Line with Text`, hubaki ilipowekwa. Na hifadhini nakala kabla ya kuanza kuburuta, kwani mabadiliko ya lebo hayarudishiki kwa uhakika kama ya Word.

Kwa utofauti wa rangi, kipimo cha ngazi ya AA cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa maudhui ya wavuti, ni 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa makubwa, yaani kuanzia pointi 18, au pointi 14 yaliyokolezwa. Programu ya bure ya Colour Contrast Analyser inawapa kijiti cha kuchukulia rangi kwenye skrini na kuwaletea uwiano. Rangi ya kijivu ndiyo mkosaji wa kila siku. Kijivu cha `#777777` juu ya nyeupe kinapata 4.48, kinaanguka kwa unywele. Cha `#767676` kinapata 4.54, kinapita. Badilisheni rangi kwenye mtindo wa Word.

Baada ya hapo ningewaomba mpitishe faili kwenye kikaguzi cha pili, PAC, ambacho ni cha bure na kinatumika kwenye Windows. Kinapima PDF/UA, kiwango cha kimataifa cha PDF fikivu kilichotolewa mwaka 2012, na mara kwa mara kitaona kosa ambalo Acrobat haikuliona. Kina pia mwonekano unaoonesha waraka jinsi kisoma skrini kinavyoupata, na huo peke yake unatosha kukitafuta. Lakini mjue mipaka yake. Matterhorn Protocol, orodha ya majaribio ambayo vikaguzi vya namna hii huitegemea, ina hali 136 za kuanguka, na 47 kati ya hizo kwa kawaida zinahitaji mtu kuamua. Alama za kijani za PAC haziwezi kuzisemea hizo 47. Kwa hiyo fungueni faili kwa NVDA, mruke vichwa kwa kitufe cha `H`, mwingie ndani ya jedwali kwa kitufe cha `T`, mtembee visanduku vyake kwa `Ctrl+Alt` na mishale, msikilize.

Faili ikishakuwa sawa, kuna mambo matatu yanayoweza kuiharibu kabla haijafika kwa msomaji. Kuichapa tena kwenda PDF, hata kama ni kwa ajili ya kupunguza ukubwa tu, hufuta mti wote wa lebo na kuwarudisha mlikoanzia. Kuweka nywila ya kuzuia kunakili kunaweza kuangusha kanuni ya `Accessibility permission flag`. Kwenye dirisha hilo la usalama, acheni alama kwenye `Enable text access for screen reader devices for the visually impaired`. Na sahihi ya kidijitali iwe kitu cha mwisho kabisa, kwa kuwa kugusa lebo baada ya kusaini huifanya sahihi hiyo isitambulike tena, na itabidi mumtafute mkubwa asaini upya.

Asanteni. Sasa nakaribisha maswali, na mwenye faili yake hapa ailete tuikague.